Utamu Ambao Sisimizi Hawakuutaka

Mama yangu alikuwa anakunywa chai yenye sukari nyingi hivi kwamba kijiko kilikuwa kinasimama kidogo kabla ya kulala. Hakuwa peke yake. Miaka ya foleni, sukari ilipokuwa inagawiwa kwa kibali na kuishia kwa wenye ndugu dukani, watu wa Bariadi walijifunza kuitamani. Ilipokuja ruksa ya biashara huria na maduka yakajaa magunia, kila mtu alikunywa kama anayelipa kisasi kwa miaka ile.

Alikuwa na mgahawa wa mabati karibu na kiwanda cha kuchambua pamba. Baba alikuwa ameshafariki. Alipofariki, mdogo wake, ambaye sisi tulimwita baba mdogo, alitaka kumrithi mama pamoja na ng'ombe. Mama akakataa kurithiwa. Ng'ombe baba mdogo akawachukua hivyo hivyo, mbele ya wazee, na mama akabaki na sufuria zake, na mimi, na mdogo wake wa kike, mama mdogo, ambaye alikuwa anapika chapati. Tangu hapo baba mdogo akawa hamwangalii mama usoni. Alipoacha kazi ya ukarani kwenye ushirika uliokuwa unakufa, alijenga hoteli ya matofali ng'ambo ya barabara, akaweka friji la mafuta ya taa, akaanza kuuza juisi nyekundu ya baridi na barafu za mifuko. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wamefurika mjini, malori yanalala barabarani, na watu walikuwa na fedha mfukoni msimu mzima. Kulikuwa na wateja wa kutosha hoteli mbili. Yeye hakuona hivyo.

Mama aliugua kisukari nikiwa chuo cha uuguzi Mwanza. Alikonda, akawa anaamka kukojoa mara kwa mara, kiu haikatiki. Hospitali wakampa vidonge vya kumeza na kumwambia aache sukari. Aliniandikia kwamba chai bila sukari ni maji ya kuoshea vyombo, na kwamba heri afe. Nilizunguka mjini Mwanza mpaka nikapata, kwenye duka la dawa la Mhindi, kile kikasha kidogo cha plastiki chenye vidonge vyeupe vya sakarini. Ukibonyeza, kinadondosha kidonge kimoja. Kidogo kama kichwa cha kiberiti, lakini kinatosha kikombe kizima.

Nilipompelekea, alibonyeza, akakoroga, akaonja. Akakunja uso.

"Mwishoni kina uchungu," alisema. "Kama nimelamba sarafu."

"Utazoea, mama."

"Nitazoea. Ni tamu, lakini si ya Mungu."

Alizoea. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa biashara, kikasha kile akakiweka mezani kwa wateja waliokuwa na ugonjwa kama wake. Walikuwepo wengi kuliko nilivyodhani. Madereva wa malori wenye vitambi, mwalimu mmoja mstaafu, katekista kutoka Nkoma aliyekuwa anakuja na baiskeli siku za kliniki. Walikaa pamoja kwenye benchi la ndani, wakibonyeza kikasha na kucheka kama watoto wenye kifaa kipya. Kwa wagonjwa wale lilikuwa jambo kubwa kunywa chai kama watu wengine.

Niseme pia kwamba kikasha hakikuwa muujiza. Nilipokuja likizo nilikuta sukari ya mama kwenye damu imeshuka, lakini si kama nilivyotarajia. Nikakaa nikamtazama siku nzima. Kwa kuwa chai haikuwa na sukari, alikuwa anajiruhusu chapati ya pili, na kitumbua juu yake. "Si nimeacha sukari?" alinijibu. Kidonge kile hakina nguvu yoyote ya chakula ndani yake. Ulimi unadanganyika, tumbo halidanganyiki, na kile ambacho tumbo limenyimwa kwenye kikombe linaweza kukidai kwenye sahani. Ilibidi tukae chini tuhesabu chapati. Baada ya hapo sukari ikashuka kweli, na mwili wake ukatulia.

Kisha baba mdogo akavuka barabara.

Sikuwepo, lakini mama mdogo alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naiona. Ilikuwa asubuhi, mgahawa umejaa. Aliingia akiwa na kaunda suti, akasalimia, "Mwangaluka!" wote wakaitikia. Akainama kwenye benchi la wagonjwa, akaokota boksi la karatasi lililokuja na kile kikasha. Enzi hizo maboksi yaliyotoka Marekani yalikuwa na onyo kwa Kiingereza, kwamba sakarini imeonekana kusababisha saratani kwa wanyama wa maabara. Baba mdogo alikuwa anajua Kiingereza cha ofisini. Akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, halafu akalitafsiri kwa Kiswahili, halafu, ili wazee wasipitwe, kwa Kisukuma.

"Wazungu waliwapa panya," alisema. "Panya wakaota uvimbe kwenye kibofu. Na shemeji anawapa ninyi. Mimi kwangu natumia sukari. Sukari safi ya miwa."

Akarudisha boksi mezani taratibu, akaenda zake.

Katekista aliacha kikombe nusu. Dereva mmoja alitoka nje kutapika. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unasema mgahawa wa mama unatoa dawa ya panya. Wiki iliyofuata hata wasio wagonjwa walikuwa wanavuka barabara. Lakini lililoniuma zaidi halikuwa wateja. Mama mwenyewe aliamini. Alikitupa kikasha chooni, na kwa hofu na aibu akaacha na kliniki pia, maana aliona sisi wa hospitali ndio tuliompa sumu. Akarudi kwenye sukari. Kikombe baada ya kikombe, akiwa amekaa peke yake kwenye mgahawa usio na watu.

Alijichoma na msumari wa kandambili kwenye dole gumba la mguu wa kushoto, hakusikia maumivu. Kidonda kikaoza. Alipoletwa Mwanza, mguu ulikuwa mweusi mpaka kwenye kifundo. Waliukata chini ya goti.

Nilikaa kwenye korido ya wodi nikiwa na sare yangu ya mwanafunzi, na daktari aliyekuwa anatufundisha mambo ya dawa akanikuta hapo. Nikamuuliza kuhusu panya. Sikuuliza kama mwanafunzi. Niliuliza nikitaka kujua kama mimi ndiye niliyemkata mama mguu.

"Ni kweli panya walipata uvimbe," alisema, akakaa karibu yangu. "Lakini walilishwa kiasi ambacho wewe ungelazimika kunywa pipa la chai kila siku ya maisha yako. Na walikuwa madume hasa. Mkojo wa panya dume una protini na chumvi kwa namna yake. Ile sakarini ikizidi ndani yake, zinajitengeneza punje ndogo zinazokwaruza kibofu mpaka kinaota uvimbe. Mkojo wa binadamu hauko hivyo. Wamewachunguza watu wa kisukari waliotumia vidonge hivyo kwa miaka mingi, hawakuona saratani ikizidi kwao."

"Kwa hiyo haiui?"

"Kwa kiasi cha kwenye chai? Sina sababu ya kusema inaua. Sukari ndiyo imemkata mama yako mguu. Sukari na kidonda na kukaa mbali na kliniki."

"Na mtu aliyemwambia aache?"

Alinigusa bega akaondoka. Jibu nilikuwa nalo tayari. Nikalirudisha Bariadi pamoja na cheti changu, nikaajiriwa wodini, nikahamia kwa mama. Kila asubuhi nilipofungua dirisha niliona hoteli ya matofali ng'ambo ya barabara na watu wamejaa kibarazani, na kila asubuhi nilimsalimia baba mdogo kwa heshima, nikipiga goti kidogo kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nataka afilisike. Sikutaka afe, maana mtu akifa analiliwa. Nilitaka akae kwenye kile kibaraza peke yake kama mama alivyokaa.

Njia alinipa mwenyewe.

Baada ya kukatwa mguu mama alikuwa anachoma insulini. Mimi sukari nilikuwa nimeifukuza nyumbani kabisa, hata ya wageni. Huo ulikuwa ukali wa kijinga, sasa nawaambia wagonjwa wangu wa insulini wasikae bila sukari karibu. Asubuhi moja alichoma sindano, halafu uji ukachelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwa najiandaa kwenda kazini nikamsikia anaongea na baba. Baba yangu marehemu. Nilimkuta amekaa kitandani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, macho yananipita.

"Imeshuka," nilimwambia mama mdogo. "Kimbia hapo kwa baba mdogo, lete juisi. Haraka!"

Juisi ya sukari ingemwinua upesi. Mama mdogo alirudi na chupa mbili nyekundu, baridi. Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Nikamnywesha chupa nzima, nikingoja. Hakuinuka. Nikamnywesha nusu ya chupa ya pili. Sasa alikuwa analegea, kichwa kinaanguka begani kwangu, na mimi nilikuwa sielewi, maana sukari nyingi namna ile haiwezi kukaa tumboni isifanye kazi.

Nikanywa funda moja mwenyewe.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Kisha, nyuma ya ulimi, ukaja ule uchungu. Kama nimelamba sarafu.

Nilipiga kelele ambayo majirani waliisikia. Mama mdogo alikimbilia nyumba ya jirani, akarudi na sukari kwenye kiganja, haikuwa hata kwenye karatasi. Nikaikoroga kwenye maji, nikamnywesha mama kidogo kidogo, nyingine nikampaka ndani ya shavu. Tukangoja. Kwanza mikono iliacha kutetemeka. Kisha akanitambua.

"Mbona unalia?" aliuliza.

"Silii, mama."

Na kweli sikuwa nalia kwa huzuni. Nilikuwa nalia kwa hasira. Sukari ilikuwa imepanda bei tena, na mtu yule alikuwa anatia sakarini ya unga kwenye mapipa yake ya juisi, mfuko mmoja mdogo badala ya gunia. Hayo peke yake yasingenishangaza, wengi walikuwa wanafanya. Lakini huyu alikuwa amesimama kwenye mgahawa wetu akasoma boksi.

Mama mdogo alitaka twende kwa bwana afya siku ile ile. Nikamwambia bado. Bwana afya angemwita baba mdogo ofisini wakazungumza wakiwa wawili. Mimi nilitaka watu.

Nilingoja siku ya malipo ya pamba. Wakulima walikuwa wametoka Nkoma, Kimali, mpaka Mkula, kibaraza cha baba mdogo hakina nafasi ya kuweka mguu. Nilienda na sare yangu nyeupe, kwa makusudi, na kikombe cha maji niliyokoroga sukari. Nikanunua chupa ya juisi, nikamshukuru.

Pembeni mwa kibaraza kulikuwa na mstari wa sisimizi unaopanda ukutani. Nikamwaga juisi kidogo sakafuni karibu nao, na upande wa pili nikamwaga maji yangu ya sukari. Kisha nikakaa kwenye benchi kama mtu anayepumzika.

"Unafanya nini, nesi?" aliuliza mkulima mmoja.

"Naangalia sisimizi, baba."

Watu wakacheka. Kisha wakaangalia na wao, maana aliyeuza pamba hana haraka. Sisimizi waligundua maji ya sukari mapema, wakajaa kando yake mpaka yakawa na ukingo mweusi. Kwenye juisi nyekundu walifika, wakagusa, wakazunguka, wakaenda kwa wenzao. Kicheko kilikwisha chenyewe.

Baba mdogo alikuja akiwa na taulo begani. "Ng'wanone, mwanangu, kuna shida?"

"Hakuna, baba. Nauliza tu hii juisi umetia sukari gani, mbona sisimizi hawaitambui."

"Sisimizi ndio wamekuwa wapima chakula siku hizi?"

"Basi tuletee gunia tulione. Ile sukari safi ya miwa."

Alisema gunia limekwisha. Dereva mmoja, yule yule aliyewahi kutapika nje ya mgahawa wetu, aliinuka akaingia jikoni bila kuomba ruhusa. Alitoka na mfuko mweupe wa plastiki, umefungwa kwa raba, umeandikwa ubavuni kwa Kiingereza. Akanipa mimi. Mimi nikampa baba mdogo, kwa mikono miwili, nikipiga goti.

"Baba, tusomee," nilisema. "Utusomee kama ulivyosoma siku ile kwa mama. Kiingereza, Kiswahili, halafu Kisukuma, wazee wasipitwe."

Alishika mfuko. Akaugeuza, maandishi yakaelekea kifuani kwake. Dereva akachungulia begani kwake, akasoma mwenyewe neno lile, sakarini, kwa matamshi yake, na kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa alilifahamu.

"Nesi," mama mmoja aliyekuwa na barafu ya mfuko mkononi aliniuliza, na alikuwa ameogopa kweli, "tutapata saratani?"

Nilijua jibu. Daktari alinipa jibu lile kwenye korido, mguu wa mama ukiwa bado haujazikwa. Nilikuwa na sare na watu wote walikuwa wananitazama.

"Muulizeni yeye," nilisema. "Yeye ndiye aliyetufundisha."

Kisha nikavuka barabara. Nyuma yangu nilisikia chupa zinavunjika.

Bwana afya alikuja baadaye, akamwaga mapipa, akamwambia kwamba kitu kile si sumu ila hawezi kukiuza akikiita sukari, lazima aandike anachotia. Hakuna aliyesikiliza sehemu ya kwanza. Hoteli ikawa na viti tupu. Wake za watu walikuwa wanavusha watoto upande wa pili wasipite karibu na kibaraza chake. Nilikunywa chai yangu dirishani kila asubuhi nikimtazama amekaa peke yake na taulo lake begani, na chai ilikuwa tamu.

Alikuja kwetu alasiri moja, msimu wa pamba unakaribia kwisha. Alisimama mlangoni mpaka mama alipomkaribisha. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kisiki cha mguu kimefunikwa kwa khanga.

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia, "wewe umesoma. Unajua kile kitu hakiui. Bwana afya kasema. Watu wanakusikia wewe. Waambie."

"Nitawaambia," nilisema. "Ukinywa."

Mama mdogo akaleta chai, na kikasha kipya nilichokuwa nimemletea mama, ambacho mama alikuwa amekubali kukitumia tena. Tulitoka wote tukakaa kwenye benchi la mbele, mahali barabara nzima inaona. Watu wakaanza kusimama. Nikamwekea kikombe na kikasha mbele yake.

"Bonyeza mwenyewe, baba."

Akabonyeza. Kidonge kikadondoka. Akakoroga. Akainua kikombe, na hapo mkono wake ukaanza kutetemeka hata chai ikamwagika kwenye kaunda suti. Nilidhani ni aibu. Kisha nikamtazama macho, na macho ya mtu anayeogopa nayajua, ndiyo kazi yangu.

"Hujawahi kuinywa," nilisema. "Ile juisi yako. Hujawahi hata mara moja."

Akakishusha kikombe magotini.

"Wewe uliamini."

"Nilisoma boksi," alisema kwa sauti ndogo. "Limeandikwa saratani."

Nilikuwa nimemchukia miaka ile yote nikidhani ni mwongo. Kumbe hakuwa mwongo. Alisoma onyo, akaliamini kwa moyo wake wote, kisha akaenda kununua mifuko ya kitu kile kile, akawauzia watoto wa shule barafu. Hakuna uongo ambao ungenifanya nimchukie zaidi ya huo ukweli.

Mama, tuliyemtoa nje na kiti chake, aliinama mbele.

"Kunywa, shemeji," alisema. "Mimi nilikuamini nikaacha kunywa, ona nilivyo. Kunywa yote."

Alikunywa yote. Machozi yalikuwa yanamtoka, anameza kama anayemeza msumari, na mama alimtazama mpaka tone la mwisho, akapokea kikombe, akakipindua kuhakikisha.

Nilitimiza ahadi. Niliwaambia watu palepale, kwa sauti: panya wale walilishwa nini, kiasi gani, na kwa nini sisi si panya. Wagonjwa walirudi kwenye benchi lao, katekista wa kwanza. Kwa baba mdogo hakurudi mtu. Kuogopa kwao kulikuwa kumekwisha, ila sasa walikuwa wameona mkono wake ukitetemeka, na kila mzazi alielewa maana yake. Aliuza friji, akahamia Lamadi kwa watoto wake.

Siku hizi nasimamia kliniki ya kisukari, na vitamu vya namna hii vimekuwa vingi, vina majina mengi. Akina dada wanakuja kuniuliza kama vitawapunguza unene. Nawaambia kwamba ukiacha soda ya sukari ukachukua isiyo na sukari, uzito unaweza kupungua kidogo, lakini watafiti waliofuatilia watu kwa miaka hawakuona faida ya kudumu, na wataalamu wa dunia sasa wanashauri usivitegemee kwa kupunguza mwili. Kuhusu hamu ya kula wanabishana bado. Nawaambia kiasi kilichoruhusiwa ni kikubwa kuliko wanavyotumia, na kwamba aina mojawapo haiwafai watu wachache waliozaliwa na ugonjwa ambao miili yao haiwezi kuichakata. Nawaambia bora zaidi ni ulimi kuzoea utamu mdogo. Nasema yote, hata yasiyopendeza, na nasema kwa Kisukuma pia.

Baba mdogo alipofariki nilienda msibani Lamadi na mama kwenye kiti chake cha magurudumu. Shangazi mmoja aliniuliza pembeni kama nimemsamehe. Nikamwambia nimekuja kumzika.